Inaaminika na Nani?

Gari limeingia gereji likitoa moshi mweupe, mshale wa joto umepanda hadi mwisho. Fundi anasubiri injini ipoe. Anachomoa dipstiki na kuipitisha kwenye kidole: oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Anafungua kifuniko cha rejeta, anawasha injini kidogo, na mapovu yanaanza kupanda kwenye maji.

"Gasketi ya silinda hedi imeungua," anasema. "Maji yanaingia kwenye oili. Hedi yenyewe kama imepinda sijui, hiyo mpaka tuishushe tuipime. Ila usiliwashe tena."

Maneno hayo machache yamebeba mambo matatu ya uzito tofauti. Gasketi ana uhakika nayo, na sababu ameiona kwa macho. Hedi hana uhakika nayo, na amesema kitakachomtoa kwenye shaka ni kipimo gani. La kutowasha gari ni amri. Sasa mchukue fundi mwingine, gari lilelile, moshi uleule: "Huenda ni gasketi, ingawa pia inawezekana ikawa rejeta. Wapo mafundi wanaosema moshi mweupe husababishwa na mambo mbalimbali, na kila gari lina hali yake." Katika maneno ya huyu wa pili hakuna hata sentensi moja ya uongo. Lakini mwenye gari atatafuta kamba alivute gari lake hadi gereji ya jirani, kwa sababu amemsikia mtu ambaye hajachomoa dipstiki.

Kwenye maandishi hali ni hiyohiyo, isipokuwa msomaji hana gari la kuvuta. Anachofanya ni kufunua ukurasa unaofuata.

Maandishi ya Kiswahili yana hazina kubwa ya maneno ya kuuma na kupuliza. Yapo "huenda", "pengine" na "yamkini". Yapo "kwa kiasi fulani", "kwa upande mwingine" na lile lililochakaa kuliko yote, "kwa namna moja ama nyingine". Kila moja lina kazi yake halali. Tatizo huanza yanapomwagwa kwenye kila sentensi kwa kipimo kimoja, kama mpishi anayetia chumvi kwenye wali, kwenye mchuzi, kwenye chai na kwenye matunda. Anayelijua jambo hana shaka za kipimo kimoja. Ana mahali anaposimama imara, mahali anapoyumba, na mahali anapokiri hajui. Shaka ikisambazwa sawasawa kila pembe, msomaji huhisi, hata asipoweza kueleza kwa nini, kwamba shaka hiyo haikutoka kwenye jambo lenyewe. Imepakwa kama rangi.

Mfano ulio karibu na kila aliyepita shule Afrika Mashariki ni swali la chimbuko la Kiswahili. Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya, ila mwalimu yeyote wa lugha ataitambua sura yake:

"Chimbuko la Kiswahili ni suala lililozua mjadala mkubwa miongoni mwa wataalamu. Wapo wanaoamini kuwa Kiswahili kimetokana na Kiarabu kutokana na wingi wa maneno ya Kiarabu, huku wengine wakidai kuwa ni lugha chotara. Kwa upande mwingine, inaaminika kuwa huenda Kiswahili kina uhusiano na lugha za Kibantu. Kila nadharia ina uzito na udhaifu wake kwa namna moja ama nyingine. Hivyo basi, ni muhimu kuzingatia mitazamo yote."

Sarufi ni safi na mpangilio ni mzuri, na mwenye kusahihisha kwa haraka ataweka alama ya vema. Lakini msomaji aliyeingia kwenye aya hiyo bila kujua asili ya Kiswahili anatoka akiwa vilevile. Na kama anaijua, kuna jambo litamkera: madai matatu yamepangwa kwenye benchi moja kana kwamba yana uzito mmoja, ilhali hayana.

Kiswahili chenyewe kina kipimo kizuri cha kuwanasa waandishi wa aina hii, nacho kiko ndani ya kitenzi. Kauli ya kutendwa hutamatika kwa -wa, na mtendaji hutajwa kwa "na": mlango umefungwa na Juma. Ile ya kutendeka, "inaaminika", "inasemekana", "inafahamika", haimtaji mtendaji kabisa. Mlango umefungika tu. Basi mwandishi akiandika "inaaminika kuwa", achukue kalamu aandike pembeni: na nani? Likija jina, hata la kundi, sentensi ina mwenyewe, na inaweza kupimwa. Lisipokuja, ajue ameandika uvumi, au ameandika maoni yake mwenyewe na kuyavisha baibui.

Hebu aya ile ipitishwe kwenye kipimo hicho. Nani anaamini Kiswahili ni Kibantu? Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala walilitetea hilo wazi katika kitabu chao Historia ya Kiswahili, kilichotoka mwaka 1977. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha mwaka 1993 kitabu kizima kuhusu Kiswahili na ndugu zake wa kundi linaloitwa Sabaki, ambao ni pamoja na Kipokomo, lugha za Mijikenda na Kingazija cha Komoro. Malcolm Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, alikipa Kiswahili namba G42, katikati ya ukoo huo. Nani basi, miongoni mwa wanaolinganisha lugha kwa kazi, anaamini Kiswahili ni Kiarabu? Hapo "wapo wanaoamini" hukosa watu wa kuwataja. Benchi ambalo aya ililijaza linabaki na mtu upande mmoja tu.

Majina ya wataalamu, hata hivyo, hayatoshi. Fundi wa kwanza hakumwambia mteja kwamba mafundi wakubwa wanaamini ni gasketi. Alionyesha oili. Mwandishi anayetaka kusimama mahali sharti afungue boneti, na katika Kiswahili kuna mengi ya kuona kwa macho matupu.

Chukua neno "kitabu". Limetoka Kiarabu, hakuna ubishi. Wingi wake kwa Kiarabu ni kutub: herufi za mzizi, k, t na b, zinabaki na irabu za ndani ndizo zinazobadilika. Mswahili hakuufuata wingi huo. Alisikia "ki" mwanzoni, akaifananisha na ile ya kisu na kiti, akasema "vitabu". Kisha akaliburuta neno la kigeni kupitia sentensi nzima kwa kamba ya ngeli: kitabu kile kizuri kimepotea, vitabu vile vizuri vimepotea. Karne nyingi baadaye wajukuu zake wa Tanzania walipopokea alama ya barabarani ya Kiingereza inayoamuru madereva wapite kushoto, walifanya kilekile. Mzunguko wa barabara ukawa kipilefti, na ikiwa miwili, vipilefti. Mashine iliyokisaga kitabu bado inafanya kazi barabarani.

Vitenzi vinasema zaidi. "Hawakusafirishwa" ni neno moja ambalo ndani yake Kiarabu kimetoa mzizi tu, safir. Ukanushi, nafsi, wakati, kusababisha, kutendwa na irabu ya mwisho, yote ni ya Kibantu na yamekaa kwenye nafasi zake za Kibantu. Kwa lugha ya gereji, tairi limenunuliwa nje, lakini chesisi, injini na usukani ni vya hapahapa.

Msomaji makini atauliza: na namba je? Swali hilo ni zuri, na mwandishi anayejifanya ana msimamo kwa kulikwepa hatofautiani sana na yule anayeyumba. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu kweli. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Kwa mwandishi wa kupima huku na huku, hapa ndipo pa kupumulia: namba saba upande huu, tatu upande ule, basi tuseme lugha chotara. Lakini ukichimba kidogo unakuta zile tatu zina makaburi yake. Kiswahili cha zamani kilikuwa na tandatu kwa sita na kenda kwa tisa. Kenda bado iko kwenye kamusi, na iko hai kwenye jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Ya saba imebaki kwenye harusi: fungate, zile siku saba za bwana na bibi harusi. Mgiriama hadi leo akihesabu hupita kwenye tandahu, fungahe na chenda. Kumbe namba za Kiarabu hazikuijenga nyumba. Zilihamia kwenye vyumba vitatu na kuwatoa wapangaji waliokuwamo.

Ushahidi ulioonekana kuleta sare umegeuka kuwa ushahidi wa upande mmoja, na kilichougeuza ni hatua moja ya ziada ya kuuliza. Mara nyingi uwiano wa maoni kwenye karatasi huwa ni mahali ambapo mwandishi alichoka.

Zimebaki hoja mbili za upande wa pili. Ya kwanza ni jina: "Swahili" limetokana na sawahil, neno la Kiarabu lenye maana ya pwani kwa wingi. Ni kweli, na halithibitishi kitu kuhusu lugha. Kamerun imepewa jina na Wareno waliokuta kamba wengi mtoni, na hakuna anayedai kwamba lugha za Kamerun zimetokana na Kireno. Ya pili ni ya lugha chotara, na ina mvuto zaidi, kwa kuwa inaonekana kuwapatanisha wote. Lakini lugha zinazozaliwa sokoni kwa haraka, kati ya watu wasioelewana, kwa kawaida hutupa mizigo mizito kwanza, na ngeli ni mzigo mzito. Kiswahili cha pwani kimezishika karibu zote. Anayetaka kujua ngeli zikianza kutupwa husikikaje, asikilize "kitabu yangu" na "viti yangu" katika mazungumzo ya Nairobi au Lubumbashi, ambako Kiswahili kilifika kikapokewa na watu wenye lugha nyingine. Huko mzigo umepunguzwa. Lamu na Unguja haukupunguzwa.

Baada ya hapo kuendelea kuandika "huenda kina uhusiano na lugha za Kibantu" si unyenyekevu tena. Ni kutoa habari isiyo sahihi, kwa sababu kunamwambia msomaji kwamba mizani imesimama katikati wakati imeshalala.

Kwa nini basi waandishi werevu huandika hivyo? Jibu moja liko kwenye kitenzi cha mitihani, "jadili". Mwanafunzi hufundishwa kwamba kujadili nadharia tatu ni kuzitaja zote tatu, kutoa hoja za kuunga mkono na za kupinga kila moja, kisha kufunga kwa usalama. Alama ziko kwenye idadi ya hoja. Akimaliza shule, mkono unaendelea kuandika mtihani ambao hakuna tena wa kuusahihisha.

Jibu la pili ni adabu, na hapa pana mchanganyiko wa mambo unaostahili kutenganishwa. Kijana aliyeulizwa njia na mzee barabarani anaweza kusema: "Samahani mzee wangu, hii haifiki Bagamoyo. Rudi hadi kwenye njia panda, ushike kulia." Adabu yote iko kwenye samahani na kwenye mzee wangu. Barabara haikulainishwa hata kidogo. Kama angesema "huenda ikafika, wengine husema haifiki", mzee angepotea kwa heshima zote. Pwani wanajua sana kumlainishia mtu bila kulilainisha jambo, na ni ajabu kwamba ustadi huo hupotea mara kalamu inaposhikwa.

Lakini yako mambo ambayo kweli hayajulikani, na mwandishi mwaminifu hawezi kuyatolea hukumu. Hapo afanyeje? Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea mbali na pwani, Washington, mwaka 1951.

Miaka mitatu kabla yake, Tito wa Yugoslavia alikuwa ametengana na Stalin. Wachambuzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, waliulizwa kama Wasovieti na washirika wao wangeivamia Yugoslavia mwaka ule. Walitoa ripoti namba 29-51, na hitimisho lao lilikuwa kwamba uvamizi uchukuliwe kuwa jambo lenye uwezekano wa kutiliwa maanani. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Sherman Kent, mwanahistoria aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Yale. Siku chache baadaye ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje alimuuliza walimaanisha nini hasa. Kent akajibu kwamba kwa maoni yake ilikuwa kama 65 kwa 35 kuwa uvamizi utatokea. Ofisa yule akashtuka. Yeye na wenzake walikuwa wameusoma ule uwezekano kuwa mdogo zaidi.

Kent alirudi kwa wenzake walioipitisha sentensi ile pamoja naye, akamuuliza mmoja baada ya mwingine alikuwa na namba gani kichwani. Mmoja alikuwa na 80 kwa 20. Mwingine alikuwa na 20 kwa 80, kinyume kabisa. Wengine walitawanyika katikati. Watu wenye maoni yanayopingana walikuwa wamekaa meza moja, wakakubaliana juu ya maneno, na kila mmoja akaondoka akiamini maoni yake ndiyo yaliyoandikwa.

Mwaka 1964 Kent aliandika makala kupendekeza dawa. Kila neno la shaka lifungwe kwenye kiwango: jambo linaloelekea kutokea liwe karibu na asilimia 75, lenye nafasi sawa liwe karibu na 50, lisiloelekea kutokea liwe karibu na 30. Baadhi ya wenzake walilalamika kwamba hayo ni kujifanya na uhakika wa namba ambao hawana. Hawakuwa wamekosea kabisa, maana namba nayo inaweza kuwa pambo. Lakini Kent alikuwa amegundua kitu ambacho walalamikaji walikikwepa: neno lisilo na kiwango halimlindi msomaji, humlinda aliyeliandika. Yugoslavia haikuvamiwa. Aliyesema 80 alikuwa ameelekea vibaya, na angeweza kuambiwa hivyo. Waliojificha ndani ya "uwezekano wa kutiliwa maanani" hawakukosea wala hawakupatia.

Mwandishi wa gazeti hahitaji jedwali la asilimia. Anahitaji shaka yake iwe na mahali na iwe na ukubwa. "Bei ya mahindi huenda ikabadilika kutokana na sababu mbalimbali" haina mahali wala ukubwa. "Bei itapanda kabla ya mavuno yajayo, kitakachonifanya nikosee ni mahindi ya nje yakiruhusiwa kuingia" ina vyote viwili, na msomaji mwenye magunia mawili stoo anaweza kuifanyia kazi.

Ipo shaka nyingine ambayo si ya kuondolewa hata mwandishi akiwa na hakika moyoni. Ripota anayeandika kwamba mshtakiwa "anadaiwa" kuiba hasitisiti. Mahakama haijahukumu, na "anadaiwa" ni ukweli kamili wa jambo lilipofikia. Hata kipimo cha "na nani" kinaupita: anadaiwa na upande wa mashtaka. Kosa huja neno hilohilo linapohamishiwa kwenye tukio lililoonwa na watu wote, tunaposoma kwamba mvua "inadaiwa" kunyesha usiku kucha juu ya mji ambao maji bado yamejaa sebuleni.

Msimamo wazi una hatari yake pia, nayo ni kung'ang'ania. Kwenye historia hiyohiyo ya pwani limetokea jaribio zuri. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, ikiwemo Mtwapa na Kilwa. Wengi walikuwa na zaidi ya nusu ya asili yao Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Lakini sehemu kubwa nyingine ilitoka Asia, hasa Uajemi, na kwa sehemu kubwa kupitia kina baba. Mchanganyiko huo ulikuwa umeanza kufikia takriban mwaka 1000.

Mwandishi aliyewahi kusema kwamba masimulizi ya Washirazi ni ngano tupu, ya kujipatia hadhi, analazimika kurudi nyuma. Hapo hana ujanja, na heshima yake iko katika kusema alikosea wapi. Lakini je, alazimike pia kusema Kiswahili ni lugha chotara? Hapana. Damu na lugha ni maswali mawili. Mtoto hurithi vinasaba vya wazazi wote wawili, ila lugha huichukua kwa wanaomlea, na kina mama hao walikuwa wa pwani hiihii. Mtu mwenye msimamo uliokatwa vipande vidogo anaweza kukiachia kipande kimoja na kubaki na kingine. Aliyesema "mitazamo yote izingatiwe" hakuwa na cha kuachia. Utafiti ule ungeweza kuleta majibu ya kinyume kabisa na aya yake ingebaki ilivyo, nukta kwa nukta. Hiyo labda ndiyo dalili iliyo wazi kuliko zote ya sentensi isiyosema kitu.

Tuirudie basi ile aya, safari hii baada ya dipstiki kuchomolewa:

"Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Ngeli zake, viambishi vya vitenzi vyake na namba zake za zamani vinalingana na vya jirani zake, Kigiriama na Kipokomo, si vya Kiarabu. Kiarabu kimekipa maneno mengi, hata kikang'oa tandatu na kenda, lakini yalipoingia yalivalishwa ngeli za wenyeji. Watu wa miji ya pwani walichanganyika na wageni kutoka Uajemi; lugha yao ilibaki katika ukoo wake. Kisichokubaliwa bado na wote ni mahali hasa ilipoanzia: Nurse na Thomas Spear, mwaka 1985, walielekeza kaskazini, kwenye pwani ya Kenya, na wapo wenye maoni mengine."

Aya hii ina urefu unaokaribiana na wa ile ya kwanza. Shaka imo, ila iko chumba kimoja, na mlango wake umeandikwa jina. "Wapo" nalo limo, mwishoni, mahali ambapo kweli wapo.

Inaweza pia kupingwa, na atakayetaka kuiangusha anajua pa kuanzia: alete lahaja ya Kiarabu yenye ngeli, ambamo wingi wa kitabu ni vitabu. Mpaka leo hajatokea aliyeileta.